Kizingiti Kiwekwe Wapi?

Mtu anaegemeza kifua kwenye bamba la eksirei, anavuta pumzi na kuibana, mashine inalia kidogo. Kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati, programu ya kompyuta imekwisha kuipa picha yake alama kati ya 0 na 100. Alama ikiwa juu, programu inashuku kifua kikuu. Ikiwa chini, haishuku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza programu za aina hii zitumike kuchuja watu wa miaka 15 na kuendelea. Mashine za eksirei za kubebeka nazo zimeiwezesha kazi hiyo kufanyika mbali na hospitali kubwa, hata pasipo na daktari wa picha.

Alama hiyo haithibitishi ugonjwa. Anayeshukiwa hutoa makohozi, nayo hupimwa kwenye mashine ya GeneXpert, na hapo ndipo TB inapothibitishwa au kukanushwa. Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo lazima mtu aliamue kabla ya foleni kuanza: ni alama ngapi inayotosha kumpeleka mtu kwenye kipimo cha makohozi? Alama hiyo ya kukatia ndiyo kizingiti. Programu haiji na jibu la kudumu. WHO iliwaachia watumiaji wenyewe wakipange kulingana na mahali walipo, na mwaka huohuo ikatoa pamoja na TDR mwongozo wa jinsi ya kukipanga. Kifaa wanachotegemea katika kukipanga ni mchoro uitwao ROC.

Tuanze na watu 15 wa mfano. Watano tunajua wana TB kwa sababu makohozi yao yamethibitisha, na kumi tunajua hawana. Programu imewapa wagonjwa alama 92, 81, 74, 58 na 33. Wasio na TB wamepata 77, 61, 47, 40, 36, 29, 22, 15, 9 na 4. Ukiangalia tu unaona makundi mawili hayakutengana kabisa. Kuna asiye na TB mwenye 77, pengine kwa sababu ya kovu la ugonjwa wa zamani. Kuna pia mgonjwa mwenye 33 ambaye picha yake haikuonyesha mengi, jambo linalotokea hasa kwa mtu ambaye VVU vimeshusha sana kinga yake. Kama makundi yangetengana tungekata katikati na mjadala ungeisha. Kazi yote inatokana na kule kuingiliana.

Chukua karatasi ya mirabamraba, chora boksi lenye mirabamraba kumi kwa upana na mitano kwenda juu. Weka kalamu kwenye kona ya chini kushoto. Sasa wapange watu wote kwa foleni moja, mwenye alama kubwa mbele, na uwapitie mmoja mmoja. Ukikutana na mgonjwa, panda mraba mmoja. Ukikutana na asiye na TB, sogea mraba mmoja kulia. Kwa foleni yetu unapanda mara mbili (92, 81), unasogea mara moja (77), unapanda (74), unasogea (61), unapanda (58), unasogea mara tatu (47, 40, 36), unapanda kwa mara ya mwisho (33), kisha unasogea mara tano hadi kona ya juu kulia. Ngazi iliyobaki kwenye karatasi ndiyo mchoro wa ROC. Ukifanya hivyohivyo kwa watu elfu kumi, vidaraja vinakuwa vidogo mno na ngazi inaonekana kama mstari uliopinda.

Kila mahali kwenye ngazi hiyo ni kizingiti kimoja. Urefu wa kupanda unaonyesha sehemu ya wagonjwa walionaswa, na umbali wa kwenda kulia unaonyesha sehemu ya wasio na TB walioitwa bure. Ukikata kwenye 58, yaani kila mwenye 58 au zaidi atoe makohozi, umenasa wagonjwa wanne kati ya watano na umewaita bure wawili kati ya kumi. Ukitaka na yule wa tano, lazima ushuke hadi 33, na njiani utawabeba watatu wengine wasiohusika. Kushusha kizingiti ni kutembea kulia na juu kwenye mstari. Kukipandisha ni kurudi kona ya chini kushoto, ambako haitwi mtu yeyote. Alama zenyewe hazikuandikwa popote kwenye mchoro, na hilo huwapotosha wengi. Mchoro unajali foleni tu. Ukizizidisha alama zote kwa mbili, ngazi haibadiliki hata kidogo. Ndiyo maana pia alama 60 isisomwe kama kwamba mtu huyo ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuwa na TB. Ni nafasi yake kwenye foleni ya programu ile, basi.

Michoro hii ilianzia kwa wahandisi wa rada, ambao tatizo lao lilikuwa kuijua ndege ya kweli katikati ya vurugu za kioo. Baada ya Vita Kuu ya Pili iliingia vyuoni, kisha ikahamia kwa madaktari wa picha. Mwaka 1982 watafiti wawili, Hanley na McNeil, walichapisha katika jarida la radiolojia makala iliyowaeleza madaktari maana ya eneo lililo chini ya mstari ule, na maana hiyo unaweza kuihakiki kwenye karatasi yako sasa hivi.

Boksi lina mirabamraba 50. Hesabu iliyo chini ya ngazi: ni 42. Sasa ziache picha, chukua jozi. Wagonjwa watano mara wasio na TB kumi ni jozi 50. Uliza kwa kila jozi: je, mgonjwa ana alama kubwa kuliko mwenzake? Mwenye 92 anawazidi wote kumi, wa 81 wote kumi, wa 74 anawazidi tisa, wa 58 wanane, wa 33 watano. Jumla 42. Kila mraba ulio chini ya ngazi ni jozi moja ambayo programu imeipanga sawasawa. 42 kwa 50 ni 0.84, na hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta huiandika AUC. Kwa maneno mengine, ukimchukua mgonjwa mmoja na asiye mgonjwa mmoja bila kuchagua, kuna uwezekano wa asilimia 84 kwamba programu itampa mgonjwa alama ya juu. Anayebahatisha kwa kurusha shilingi hupata 0.5, na ngazi yake hufuata mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona. Anayetenganisha bila kosa hupata 1. Ukipata chini ya 0.5, mara nyingi kuna mtu aliyegeuza majina ya makundi kwenye faili.

Huo ni ujuzi wa kweli kuhusu programu, na ni namba nzuri ya kulinganishia programu mbili kwenye watu walewale. Utafiti mmoja uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2021 ulipima programu tano kwa picha za watu karibu 24,000. Zote tano ziliwashinda madaktari wa picha waliosoma picha hizohizo. Ila zote zilifanya vibaya zaidi kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua TB, na hapo ndipo inapoonekana kwamba namba moja ya jumla inaweza kufunika makundi mawili yasiyofanana.

Lakini AUC inapowekwa kwenye tangazo la biashara kama alama ya mtihani, nina mashaka nayo kwa sababu mbili. Kwanza, inayumba watu wakiwa wachache. Mwondoe yule mgonjwa wa 33 kwenye mfano wetu, pengine kwa sababu siku ile makohozi yake hayakutosha kupimwa. Jozi zinabaki 40, zilizopangwa sawa 37, na AUC inaruka kutoka 0.84 hadi 0.925. Programu haikuboreka, mgonjwa mgumu ndiye aliyetoka kwenye hesabu. Kinachowapa watafiti usahihi ni idadi ya wagonjwa waliothibitishwa, si jumla ya picha, kwa hiyo utafiti wa watu elfu kumi wenye wagonjwa 30 bado ni utafiti mdogo.

Pili, eneo linakusanya mstari wote, wakati wewe utasimama mahali pamoja tu. Sehemu kubwa ya eneo hilo iko upande wa kulia, kwenye vizingiti ambavyo nusu au robo tatu ya wasio na TB wangeitwa bure, na hakuna mpango wa afya utakaofanya kazi huko. Programu mbili zinaweza kuwa na AUC ileile huku mistari yao ikikatana: moja inapanda haraka mwanzoni kisha inalegea, nyingine inaanza taratibu lakini inawafikia wagonjwa wa mwisho mapema. Mwenye vipimo vichache vya makohozi ataitaka ya kwanza. Anayetaka asikose mtu, tuseme anachuja watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, ataitaka ya pili. AUC haiwezi kuwachagulia.

WHO yenyewe, ilipoeleza kipimo cha kuchujia TB kinapaswa kufikia wapi, haikutaja eneo. Ilitaja mahali kwenye mstari: kinase angalau wagonjwa 90 kati ya 100, na kiwaache angalau 70 kati ya kila 100 wasio na TB. Ukipewa mchoro wowote wa ROC wa programu ya TB, la kwanza la kufanya ni kwenda asilimia 30 kulia, kisha kutazama juu uone kama mstari umefika asilimia 90.

Tukichukue kizingiti hicho tukipeleke kijijini. Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa TB mwaka 2015 na 2016, ikapata wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. Kwa hiyo ukiwapiga picha watu wazima 10,000 katika eneo linalolingana na wastani huo, wagonjwa ni kama 56, na 9,944 hawana TB.

Ukiwa kwenye 90 kwa 70, unanasa wagonjwa 50 na kuwakosa sita. Wanaoitwa bure ni asilimia 30 ya 9,944, yaani 2,983. Jumla ya wanaotoa makohozi ni 3,033. Kila sampuli inakula katriji moja ya GeneXpert, na katriji ya kawaida ya TB bei yake kwa nchi kama zetu ilishushwa mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Hiyo ni zaidi ya dola 24,000 kwa katriji peke yake. Muda nao una gharama yake. Mashine iliyozoeleka ina nafasi nne, na ukiweza kuijaza mara nne kwa siku ya kazi unapima watu 16. Watu 3,033 wanakuwa siku 190 za mashine moja, na wakati huohuo kuna wagonjwa wa zahanati ambao nao wanaisubiri.

Sasa tuseme mstari wa programu hiyo unapita pia kwenye sehemu nyingine mbili, ambazo nimezipanga mimi kwa ajili ya hesabu. Kizingiti kikali zaidi kinanasa asilimia 80 na kuwaita bure asilimia 15. Kilegevu zaidi kinanasa asilimia 95 na kuwaita bure asilimia 50. Kile kikali kinakupa wagonjwa 45 kwa vipimo 1,537. Cha kati, kama tulivyoona, 50 kwa 3,033. Kilegevu, 53 kwa 5,025.

Watu wengi hugawanya jumla kwa jumla, wakapata kwamba kwenye kizingiti cha kati kila mgonjwa amegharimu vipimo 61, wakaridhika. Hesabu hiyo inaficha kinachotokea njiani. Wagonjwa 45 wa kwanza kila mmoja amegharimu vipimo 34. Kuwafikia watano wanaofuata kumeongeza vipimo 1,496, yaani kama 300 kwa kila mmoja, sawa na dola 2,400 hivi. Watatu wa mwisho wameongeza vipimo 1,992: zaidi ya 660 kwa mmoja, dola zaidi ya 5,000 za katriji kwa mtu mmoja. Kwenye mchoro haya yote yanaonekana kwa jicho. Pale mstari unapopanda wima, mgonjwa ni rahisi. Unapoanza kulala, anakuwa ghali. Ulipolala kabisa, unapima watu bila kupata mtu. Mteremko wa mstari mahali uliposimama ndiyo bei ya mgonjwa anayefuata. Nikiulizwa nini cha kutazama kwenye ROC, nitautaja mteremko huo kabla ya AUC.

Je, dola 2,400 ni nyingi? Swali hilo halina jibu ndani ya mchoro. Mgonjwa aliyekosekana ataendelea kukohoa nyumbani, atawaambukiza wengine, na huenda akarudi akiwa taabani au asirudi. Kwa upande mwingine, katriji 300 zilizotumika kumpata zingeweza kuwa zimepelekwa gerezani, migodini au kwenye kliniki ya VVU, ambako zingewapata wagonjwa wengi zaidi. Anayeitwa bure naye hasumbuki kidogo: amepoteza siku ya kibarua, ameonekana na majirani akipewa kikopo cha makohozi, amelala na hofu. Mwenye kuamua lazima aseme waziwazi yuko tayari kuwaita bure watu wangapi ili apatikane mgonjwa mmoja zaidi. Akishasema, kizingiti kinajitokeza chenyewe kwenye mstari.

Kuna njia ya mkato inayopendwa, na mtu akiifuata bila kujua anakuwa ameshajibu swali hilo. Mwaka 1950 mtakwimu W. J. Youden alipendekeza kipimo ambacho siku hizi hutumika kuchagua sehemu ya mstari iliyo mbali zaidi juu ya ule mshazari wa kubahatisha. Unachukua asilimia ya walionaswa, unatoa asilimia ya walioitwa bure, na penye tofauti kubwa ndipo unapokata. Programu nyingi za takwimu hukupa jibu hilo kwa mstari mmoja wa amri. Kwenye mfano wetu, kizingiti kikali kinapata 80 kutoa 15, yaani 65, cha kati 60, kilegevu 45. Kikali kimeshinda, na ripoti itaandika kwamba ndicho kizingiti bora.

Bora kwa nani? Youden anahesabu asilimia moja ya wagonjwa kuwa sawa na asilimia moja ya wasio na TB. Kijijini kwetu asilimia moja ya wagonjwa ni nusu mtu, na asilimia moja ya wasio na TB ni watu 99. Kwa hiyo bila kutamka, kanuni imesema mgonjwa mmoja ana thamani ya watu 178 walioitwa bure, na kwa kuwa wagonjwa watano wa nyongeza waligharimu karibu 300 kila mmoja, imewakataa. Pengine hata wewe ungewakataa kwa bajeti yako. Lakini ichukue kanuni hiyohiyo uipeleke kwenye chumba cha wanaokohoa hospitalini, ambako tuseme mmoja kati ya kumi ana TB. Katika watu 1,000, wagonjwa ni 100. Kizingiti kikali kinapata 80 kwa vipimo 215. Cha kati kinapata 90 kwa vipimo 360. Wagonjwa kumi zaidi kwa vipimo 145, kama 15 kwa mmoja, dola zisizofika 120. Sijui daktari ambaye angekataa biashara hiyo. Youden bado anaikataa, kwa sababu tofauti ya asilimia haijabadilika: 65 inaishinda 60. Hospitalini kanuni ileile imeshusha thamani ya mgonjwa kutoka watu 178 hadi tisa, na aliyebonyeza amri wala hakuambiwa.

Mfano huohuo unaonyesha kingine ambacho mstari hauonyeshi. Kijijini, kwenye kizingiti cha kati, waliotoa makohozi ni 3,033 na wenye TB kati yao ni 50, mmoja katika 60. Hospitalini ni 90 katika 360, mmoja katika wanne. Mstari uleule, kizingiti kilekile, lakini maneno ya kumwambia mtu aliyepata alama ya juu ni tofauti kabisa. Wa kijijini anastahili kuambiwa kwamba karibu hakika hana TB na anapimwa kwa tahadhari. Mchoro wa ROC haujui wagonjwa ni wangapi mahali ulipo, kwa kuwa unapima kila kundi dhidi yake lenyewe. Hiyo ni sifa yake, kwani unaweza kuuhamisha kutoka mji hadi mji. Ila anayeuhamisha asisahau kubeba idadi ya wagonjwa mkononi.

Na hata kuhamishika huko kuna mipaka. Mstari unategemea ni wagonjwa gani na ni wazima gani waliotumika kuuchora. Ukichukua wagonjwa waliolazwa, mapafu yao yamekwisha kutoboka, ukawalinganisha na vijana wa chuo waliokuja kupima afya, mstari utakwea hadi karibu na kona na AUC itapita 0.95 bila shida. Ukiipeleka programu hiyo kwa wachimba migodi wenye vumbi mapafuni na kwa wazee wenye makovu ya TB ya zamani, itaanguka. Kabla ya kuiamini AUC ya mtu, uliza kwanza wale wasio na TB walitoka wapi.

Mtego mgumu zaidi unategwa na kizingiti chenyewe. Mpango ukishaanza kazi, wanaopimwa makohozi ni walio juu ya kizingiti tu. Mwisho wa mwaka mtu anachukua takwimu zilizokusanywa na kuchora ROC. Wagonjwa wote anaowajua wana alama za juu, kwa sababu wenye alama za chini hakuwapima. Wale sita waliokosekana wameandikwa kama wazima, na programu inaonekana imenasa wagonjwa wote. Ukiona ripoti ya utekelezaji inayosema asilimia 100, tafuta kwanza kama kuna yeyote wa chini aliyewahi kutoa makohozi.

Dawa ni kuwapima baadhi ya walio chini pia, wakichaguliwa kwa bahati nasibu, lakini si rahisi kama inavyosikika. Kijijini walio chini ya kizingiti cha kati ni 6,967, na kati yao wagonjwa ni sita. Ukimpima mmoja katika kila kumi unatumia katriji karibu 700, na kuna uwezekano mkubwa usipate mgonjwa hata mmoja, ukatangaza tena asilimia 100. Ukibahatika kumpata mmoja, anawakilisha watu kumi, na makadirio yanashuka hadi 50 kati ya 60, asilimia 83. Jibu linaruka kutoka 100 hadi 83 kwa sababu ya mtu mmoja. Wanaofahamu kazi hii huwapima zaidi walio karibu chini ya kizingiti, ambako wagonjwa waliokosekana hujikusanya, na wachache walio chini kabisa, kisha kila kundi linapewa uzito wake katika hesabu. Wengine wanakipangia kizingiti kwenye vituo vya afya, ambako wagonjwa ni wengi na kila mwenye dalili anapimwa makohozi bila kujali alama, na wanakubali kwamba mstari wa kijijini utatofautiana kiasi na ule.

Na kizingiti kikishapatikana, kinaandikwa pamoja na jina la programu na namba ya toleo lake. CAD4TB, kwa mfano, imepita matoleo kadhaa, na alama za toleo la 6 hazilingani na za toleo la 7. Toleo jipya linaweza kuwa na AUC kubwa zaidi na bado, ukiacha kizingiti cha zamani, likanasa wagonjwa wachache kuliko la kwanza, kwa kuwa foleni imepangwa vizuri zaidi lakini namba zilizobandikwa juu ya watu zimeshuka. Hakuna taa itakayowaka. Kinachoonekana ni kwamba idadi ya wanaopelekwa kwenye makohozi imepungua ghafla wiki ileile programu iliposasishwa, na mtu wa maabara anafurahi kwamba foleni imekuwa fupi. Picha za zamani ambazo majibu yake ya makohozi yanajulikana zinapaswa zihifadhiwe kwa ajili ya siku hiyo: zinapitishwa kwenye toleo jipya, mstari unachorwa upya, na kizingiti kipya kinasomwa pale ambapo bei ya mgonjwa anayefuata ni ileile iliyokubaliwa mwanzo.